Goal Seek na mkopo wa mwalimu: kutafuta nyongeza itakayoumaliza Juni 2028

*"Mimi ni mwalimu, naishi Hombolo hapa Dodoma. Baada ya rejesho la Desemba 2025 mkopo wangu wa benki umebaki sh. 10,000,000. Riba ni asilimia 15 kwa mwaka, nakatwa sh. 278,308 kila mwezi mpaka Desemba 2029. Nataka uishe Juni 2028, maana Julai mwanangu anaanza kidato cha tano. Januari siwezi kuongeza chochote kwa sababu ya ada na sare za wadogo zake, ila kila Septemba nikishauza zabibu naweza kuweka laki sita. Niongeze kiasi gani miezi mingine? Nilijaribu Goal Seek ya Excel: nikatengeneza seli inayohesabu miezi kwa COUNTIF, nikataka iwe 30, ikasema huenda haijapata jibu. Nimekosea wapi?"*

Mwalimu, nyongeza yako ni sh. 92,953 kwa mwezi. Ukilipa 93,000 kila mwezi isipokuwa Januari, na laki sita Septemba 2026 na Septemba 2027, deni linaisha Juni 2028 na chenji kidogo inabaki. Nitakuonyesha namba hiyo inavyopatikana ili uweze kuitafuta tena mwenyewe mambo yakibadilika, na kwenye kilimo cha zabibu yatabadilika.

Kilichokukwamisha ni seli uliyoipa Goal Seek iifanyie kazi. Goal Seek hubadilisha namba moja kidogo, huangalia jibu limesogea kiasi gani na upande gani, halafu hukisia namba inayofuata kutokana na mwendo huo. Inahitaji jibu linalosogea kila namba inaposogea. Idadi ya miezi haisogei hivyo. Ukiongeza 92,000 kwa mwezi mkopo wako unaisha mwezi wa 31. Ukiongeza 92,500 unaisha mwezi huo huo wa 31. Ukiongeza 93,000 unaruka mpaka 30, na hata 95,000 au 100,000 bado ni 30. Ni ngazi, na Goal Seek inatafuta mteremko: ikisimama katikati ya kidato kimoja, ikisogea kulia au kushoto haioni tofauti yoyote, inakata tamaa na kukuandikia "may not have found a solution". Na hata kama ingebahatisha 30, isingekupa nyongeza ndogo kuliko zote zinazotosha. Ingeweza kukupa 100,000 na wewe ukalipa elfu saba za ziada kila mwezi bila sababu.

Kwa hiyo usiulize "miezi mingapi". Uliza hivi: salio litakuwa shilingi ngapi mwisho wa Juni 2028? Hilo linasogea kwa kila shilingi unayoongeza. Tarehe unaifunga kwa urefu wa jedwali lenyewe: mistari 30 tu, kuanzia Januari 2026 mpaka Juni 2028, basi.

Fungua karatasi mpya. Kwenye seli za juu weka namba zako, kila moja mahali pake, na maelezo yake pembeni kwenye safu ya A ili usije kusahau ipi ni ipi. B1 ni salio, 10000000. B2 ni riba ya mwaka, 15%. B3 ni rejesho la kawaida, 278308. B4 ni nyongeza ya mwezi, ambayo kwa sasa andika 0. B5 ni fedha ya zabibu, 600000. Ruka B6. Kwenye B7 litakuja salio la Juni 2028.

Jedwali lianze mstari wa 10. Safu ya A ni mwezi, B salio la mwanzo wa mwezi, C riba, D rejesho, E nyongeza, F salio la mwisho wa mwezi. Andika hizi kwenye mstari wa 10, kila moja kwenye safu yake:

```
A10  =DATE(2026,1,31)
B10  =B1
C10  =B10*$B$2/12
D10  =$B$3
E10  =IF(MONTH(A10)=1,0,$B$4)+IF(MONTH(A10)=9,$B$5,0)
F10  =B10+C10-D10-E10
```

Kwenye mstari wa 11 zinabadilika mbili tu, nyingine zinanakiliwa kutoka juu:

```
A11  =EOMONTH(A10,1)
B11  =F10
```

Buruta mstari wa 11 kushuka hadi mstari wa 39. Kisha B7 iandike `=F39`. Kama kompyuta yako inakataa alama ya mkato ndani ya fomula, tumia nukta mkato badala yake. Hiyo inategemea mpangilio wa lugha ya mashine. Na kama safu ya A inaonyesha namba kubwa za ajabu badala ya tarehe, ipangie mwonekano wa tarehe.

Fomula ya E ndiyo inayobeba maisha yako halisi, kwa hiyo iangalie vizuri. Nusu ya kwanza inasema: kama ni Januari weka sifuri, miezi mingine weka nyongeza iliyo kwenye B4. Nusu ya pili inasema: kama ni Septemba, ongeza na fedha ya zabibu. Ungekuwa mtu wa kulipa kiasi kile kile kila mwezi bila kuruka, usingehitaji Goal Seek hata kidogo. Fomula moja ingetosha, `=PMT(B2/12,30,-B1)-B3`, nayo ingekujibu 123,477. Goal Seek inafaa kwako kwa sababu Januari yako ni tupu na Septemba yako imejaa.

Kabla ya kutafuta chochote, hakikisha jedwali liko sawa. B4 ikiwa bado sifuri, F10 isome 9,846,692, yaani milioni kumi, jumlisha riba ya 125,000, toa 278,308. Shuka mpaka mstari wa 39: mwezi uwe Juni 2028 na B7 isome karibu 3,011,312. Hilo ndilo deni ambalo lingebaki siku hiyo kama ungeweka zabibu tu bila nyongeza ya kila mwezi. Kama B7 yako inasoma kitu tofauti kabisa, usiendelee. Mara nyingi kosa ni alama za dola zilizosahaulika kwenye C, D au E, hivyo ukiburuta chini fomula inaenda kusoma seli tupu.

Sasa nenda Data, kisha What-If Analysis, kisha Goal Seek. Kwenye Set cell weka B7. Kwenye To value andika 0 kwa mkono, kwa sababu kisanduku hicho hakipokei jina la seli. Kwenye By changing cell weka B4. Bonyeza OK. Anayetumia LibreOffice Calc ataikuta chini ya Tools, na visanduku vyake vinaitwa Formula cell, Target value na Variable cell, kwa mpangilio huo huo. Kumbuka masharti mawili: B7 lazima iwe na fomula, na B4 lazima iwe namba tupu iliyoandikwa. Ukiweka fomula yoyote ndani ya B4 itakataa.

B4 itasoma 92,952.76 au karibu sana na hapo. Kwenye dirisha la majibu soma mstari wa Current value. Ukiona namba yenye herufi E katikati na alama ya kutoa baada yake, kama `1.2E-08`, usishtuke: hiyo ni sifuri iliyoandikwa kwa hesabu ndefu. Mkopo unaisha.

Sasa andika 93000 kwenye B4 wewe mwenyewe. B7 inasoma kama −1,530. Maana yake Juni 2028 utakuwa umezidisha 1,530, hivyo malipo ya mwezi huo wa mwisho yatakuwa 369,778 badala ya 371,308.

Hapo ndipo watu wengi wanapoharibu kazi nzuri. Wakiona salio hasi hawapendi linavyoonekana, wanaenda kwenye safu ya F na kuandika `=MAX(0,B10+C10-D10-E10)`. Karatasi inapendeza, lakini Goal Seek imeuawa. Kuanzia 92,953 kwenda juu, kila nyongeza itatoa sifuri: laki moja sifuri, laki mbili sifuri, milioni sifuri. Kwa Goal Seek zote ni jibu sahihi, na itachukua yoyote itakayoigusa kwanza. Mbaya zaidi, kama B4 tayari ilikuwa na 200,000, itakuambia imepata jibu papo hapo bila kusogeza kitu, kwa sababu B7 ilikuwa sifuri tangu mwanzo. Dalili yake ni rahisi kuiona: pandisha macho kwenye safu ya F, na kama sifuri zimeanza kabla ya Juni 2028, jibu ulilopewa ni kubwa kuliko unalohitaji. Acha salio lishuke chini ya sifuri kwa uhuru wakati wa kutafuta. Ukitaka karatasi safi ya kumwonyesha mtu, tengeneza nakala.

Kuna njia ya kuikagua Goal Seek kwa mkono, na ni njia hiyo hiyo ya kukuokoa ukiwa na simu tu na hukioni kipengele hicho. Kwa kuwa riba haibadiliki na miezi imefungwa, salio la mwisho linashuka kwa kiasi kile kile kwa kila shilingi ya nyongeza. Andika 0 kwenye B4, B7 inasoma 3,011,312. Andika 100000, B7 inasoma −228,303. Laki moja imeshusha salio kwa 3,239,615. Unahitaji kulishusha kwa 3,011,312 tu. Gawanya 3,011,312 kwa 3,239,615, zidisha kwa 100,000, unapata 92,953. Majaribio mawili na mgawanyo mmoja.

Utagundua pia kwamba laki moja kwa miezi 27 ni milioni 2.7, lakini salio limeshuka kwa zaidi ya milioni 3.2. Tofauti hiyo ni riba ambayo fedha yako iliizuia isizaliwe. Kwa mpango wako mzima, ukilinganisha na kukatwa mpaka Desemba 2029, riba unayookoa inafika takriban sh. 1,300,000.

Sasa nje ya karatasi, kwa sababu hesabu hii yote inasimama juu ya mambo mawili ambayo Excel haiyajui.

La kwanza ni aina ya riba yako. Nimehesabu kwa riba inayopungua kadiri deni linavyopungua, na namba zako zinakubaliana nayo: milioni kumi, miezi 48, asilimia 15, rejesho linatoka 278,308 barabara. Lakini thibitisha kwenye taarifa ya mkopo. Angalia riba ya miezi miwili mfululizo yenye siku sawa, kama Julai na Agosti. Ikishuka kila mwezi, uko salama. Ikiwa ile ile mwezi hadi mwezi, riba yako ilipigwa mara moja juu ya kiasi cha awali, na kuwahisha malipo hakukuokolei kitu mpaka mkopeshaji akubali kwa maandishi kukupunguzia riba ya miezi usiyoitumia. Usianze kulipa nyongeza kabla ya kupata jibu hilo. Soma pia mkataba kama kuna ada ya kumaliza mkopo mapema. Ikiwepo, itoe kwenye ile 1,300,000 uone kinachobaki.

La pili ni fedha yako inakwenda wapi ikifika benki. Makato ya mshahara yanaenda yenyewe, lakini 93,000 utaipeleka wewe. Bila maelekezo, inaweza kukaa tu kwenye akaunti ikisubiri rejesho lijalo, au benki ikaihesabu kuwa umelipa mapema sehemu ya mwezi unaofuata. Andika barua fupi kwamba kila nyongeza ipunguze deni la msingi siku inapoingia, na kwamba unataka muda ufupishwe huku rejesho likibaki lile lile. Kisha subiri taarifa ya Machi 2026, miezi miwili baada ya kuanza. Kwa mpango huu, ukiwa umelipa nyongeza ya kwanza Februari, riba ya Machi inapaswa kuwa karibu 119,981. Kama inasoma 121,143, nyongeza yako haijagusa deni, rudi kaunta siku hiyo hiyo.

Nasema "karibu" kwa makusudi. Jedwali letu linagawa riba ya mwaka kwa 12, ila benki nyingi huhesabu kwa siku. Kwa njia hiyo Januari yenye siku 31 inatoa riba ya 127,397 na si 125,000, na Februari yenye siku 28 inatoa chini ya hesabu yetu. Kwa mwaka mzima tofauti hizi karibu zinafutana, lakini mwezi mmoja mmoja usitegemee zilingane kwa shilingi. Kwa hiyo kabla ya kurudi kaunta linganisha na Januari, ambayo hukuongeza kitu na ina siku 31 kama Machi: ikiwa riba ya Machi imezidi 119,981 kwa takriban kiasi kile kile ambacho riba ya Januari ilizidi 125,000, hiyo ni siku tu zinahesabiwa.

Na zabibu. Jibu la 92,953 linabeba milioni 1.2 ya mavuno mawili ambayo bado hayajaiva. Ukiweka B5 kuwa 0 na kurudia Goal Seek, nyongeza inapanda hadi 137,705. Hiyo ndiyo bei ya kuishi bila zabibu, na ningependa uijue leo kuliko uje kuijua Septemba. Jiulize kama mshahara wako unaimudu. Kama hauimudu, tarehe ya Juni 2028 inategemea shamba, na ni vizuri nyumbani wote walijue hilo.

Kumbuka pia kwamba Goal Seek haikai macho. Inaandika namba kwenye B4 na kuondoka. Ukibadilisha B5 kutoka 600,000 kwenda 400,000, B4 itabaki vile vile na B7 ndiyo itakayosema ukweli kwa kuacha kuwa sifuri. Kila unapogusa seli yoyote ya juu, tafuta upya.

Tuseme Septemba 2026 bei imeanguka na hukuweka chochote. Usihangaike kurekebisha jedwali la zamani. Nakili karatasi, chukua salio halisi kutoka taarifa ya benki ya mwisho wa Septemba, liandike kwenye B1. A10 iwe `=DATE(2026,10,31)`. Sasa imebaki miezi 21, kwa hiyo jedwali liishie mstari wa 30 na B7 iwe `=F30`. Acha B5 na 600,000 kama bado unaiamini Septemba 2027. Ukitafuta tena, nyongeza itatoka takriban 129,000 kwa mwezi kuanzia Oktoba. Ikiwa ni nzito mno, buruta jedwali mistari mitatu zaidi, mpaka Septemba 2028, elekeza B7 kwenye F33 na utafute tena. Jedwali hilo litaingiza lenyewe na zabibu za Septemba hiyo ya tatu, kwa hiyo kama fedha hiyo umeshaipangia ada ya kidato cha tano, futa sehemu ya pili ya fomula kwenye E33 kabla ya kubonyeza OK.